Swali la Dakika Tano za Mwisho

Ubaoni kuna namba tatu: 0.5, 0.57 na 0.509. Chini yake kuna maagizo mawili. La kwanza linasema, andika namba iliyo kubwa kuliko zote. La pili linasema, katika namba uliyoandika, pigia mstari tarakimu moja tu iliyokufanya uamue. Ni kipindi cha hisabati darasa la tano, zimebaki dakika tano kengele igongwe, na kila mtoto ameshika kipande cha karatasi kisichozidi upana wa kiganja chake. Mpita njia akichungulia dirishani atadhani mwalimu anamalizia muda. Mimi nikikutana na swali la namna hii husimama nikalitazama, maana najua kazi iliyofanyika mpaka namba hizo tatu zikakubali kukaa pamoja.

Njia tuliyoizoea wengi wetu ni nyingine. Mwalimu anafuta mikono yenye chaki, anageukia darasa na kuuliza, "Tumeelewa?" Darasa zima linaitikia kwa sauti moja, "Ndiyo, mwalimu!" Anauliza tena kama kuna mwenye swali, panakuwa kimya. Jioni, kwenye sehemu ya tathmini ya andalio la somo, panaandikwa kwamba asilimia 80 ya wanafunzi wameelewa. Hiyo 80 hakuna aliyeihesabu. Sisemi hivi kumlaumu mwalimu mwenye watoto 70 na vipindi sita kwa siku. Nasema kwa sababu itikio lile, hata likiwa la kweli kabisa moyoni mwa watoto, haliwezi kumwambia kitu anachotaka kujua. Mtoto anayeamini kuwa 0.509 ni kubwa kuliko 0.57 hana shaka yoyote. Ukimuuliza kama ameelewa atajibu ndiyo, na atakuwa anasema kweli kadiri anavyojijua.

Anayetunga swali la kufungia kipindi kwa ustadi huanza mbali na swali lenyewe, huanza na lengo. Kama lengo limeandikwa "mwanafunzi aelewe desimali", hapo hakuna swali litakalotungika, kwa kuwa hakuna tendo la kutazama. Kama limeandikwa "mwanafunzi afanye zoezi la tatu", hiyo ni shughuli, na mtoto anaweza kuimaliza bila kufika popote. Tuchukue lengo lililo nyuma ya zile namba tatu: kufikia mwisho wa kipindi, kila mwanafunzi aweze kulinganisha desimali zenye idadi tofauti ya tarakimu baada ya nukta, kwa kutumia thamani ya nafasi ya kila tarakimu. Lengo hili lina tendo, ambalo ni kulinganisha. Lina mpaka, maana namba zenyewe ziwe na urefu tofauti. Tena lina njia, yaani thamani ya nafasi. Swali litakaloacha kimojawapo nje litapima kitu kingine, na mwalimu atarudi nyumbani na habari za lengo ambalo hakuliandika.

Sasa tulifuate swali tangu lilipokuwa bichi. Wazo la kwanza linalomjia mtu yeyote ni kuuliza: ipi kubwa, 0.7 au 0.3? Darasa lote litapata. Mtoto aliyeingia darasani bila kujua desimali ni nini atapata pia, kwa kuwa anajua saba ni kubwa kuliko tatu. Namba zote mbili zina tarakimu moja baada ya nukta, kwa hiyo mpaka uliowekwa kwenye lengo haukuguswa.

Basi mwalimu anabadili: ipi kubwa, 0.45 au 0.3? Hapa urefu ni tofauti, na swali linaonekana limekamilika. Lakini tumfuate mtoto mmoja anavyofikiri. Anaziba nukta kichwani, anaona 45 na 3, anachagua 45. Amepata. Njia aliyopita ni ya namba nzima: yenye tarakimu nyingi ndiyo kubwa. Amefundishwa hivyo tangu darasa la kwanza, na kwa namba nzima ni kweli tupu, 45 ni kubwa kuliko 3 na 509 ni kubwa kuliko 57. Sisi wakubwa tunamwongezea tunaposoma 0.45 "sifuri nukta arobaini na tano", kana kwamba baada ya nukta huanza namba nyingine nzima. Swali hili linampa alama ya vema na kumwambia aendelee hivyo hivyo.

Hapo ndipo panapotenganisha swali na swali. Mwaka 1998 Paul Black na Dylan Wiliam, waliokuwa King's College, London, walichapisha mapitio marefu ya tafiti kuhusu upimaji unaofanyika wakati ufundishaji ukiendelea. Katika maandishi yake yaliyofuata, Wiliam amelisisitiza sharti moja kwa maswali ya aina hii: swali zuri humzuia mtoto kupata jibu sahihi kwa sababu isiyo sahihi. Sharti hili linasomeka kwa sekunde chache, lakini kulitimiza kunaweza kuchukua jioni nzima, kwa maana inabidi uzijue kwanza sababu zisizo sahihi zilizomo darasani mwako.

Kwa bahati nzuri, kuhusu desimali sababu hizo zimeshachunguzwa sana. Mwaka 1989 Lauren Resnick na wenzake walichapisha utafiti uliohusu watoto wa Marekani, Israeli na Ufaransa, na katika nchi hizo, zenye vitabu na lugha tofauti, makosa yalijitokeza kwa sura zile zile. Kuna watoto wanaofuata kanuni ya namba nzima, ambao tumeshakutana nao. Wako wengine wanaokwenda kinyume chao, na hawa ndio wanaonivutia zaidi kwa sababu kosa lao limezaliwa na kujifunza. Mtoto ameshafundishwa sehemu. Anajua kwamba ukigawa kitu mara elfu, vipande vinakuwa vidogo kuliko ukikigawa mara kumi. Akiona 0.35 anasema hizi ni sehemu za mia, vipande vidogo, akiona 0.6 anasema hizi ni sehemu za kumi, vipande vikubwa. Kwa hiyo 0.6 ni kubwa. Jibu ni sahihi, na nusu ya fikra yake ni sahihi pia. Amesahau tu kuuliza vipande viko vingapi. Mpe 0.3 na 0.45 atachagua 0.3, kwa ujasiri ule ule.

Tazama basi mtego aliomo mwalimu. Akiuliza 0.45 au 0.3, anawapitisha watoto wa kundi la kwanza na kuwanasa wa kundi la pili. Akiuliza 0.6 au 0.35, anawanasa wa kwanza na kuwapitisha wa pili. Hakuna jozi moja ya namba mbili inayoweza kuwanasa wote, kwa kuwa kwenye jozi yenye urefu tofauti moja ni ndefu na nyingine ni fupi, na iliyo kubwa lazima iwe mojawapo. Katika Chuo Kikuu cha Melbourne, Kaye Stacey na Vicki Steinle walilitatua tatizo hili kwa jaribio lenye jozi nyingi zilizopangwa kwa aina, wakasoma mpangilio wa majibu ya mtoto badala ya jumla ya alama. Njia hiyo ni nzuri kwa mtafiti. Mwalimu mwenye dakika tano na watoto 60 anahitaji swali moja.

Suluhisho ni la kufurahisha kwa wepesi wake. Weka namba tatu, na iliyo kubwa iwe ya urefu wa kati: 0.4, 0.62, 0.385. Anayetazama urefu atachukua 0.385. Anayeogopa vipande vidogo atachukua 0.4. Anayesoma nafasi za tarakimu atachukua 0.62. Kila jibu limepata mwenyewe, na karatasi ikirudi mwalimu anajua mtoto amekosa na pia anajua alivyokuwa akifikiri alipokosa. Ni kama mvuvi aliyechagua tundu la wavu kwa kumjua samaki anayemtaka.

Wengi wangeridhika hapa, na kwa kweli swali hili tayari linazidi mengi yaliyomo vitabuni. Mwenye uvumilivu hurudi akalijibu tena kwa kichwa cha mtoto mwingine. Yuko mtoto anayetazama tarakimu ya kwanza baada ya nukta, halafu hatazami zaidi. Kwake 0.62 ni kubwa kwa sababu 6 inazidi 4 na 3. Amepata, na kwa namba hizi hakufanya kosa lolote. Ila akipewa 0.57 na 0.509 atakwama, maana zote zinaanza na 5. Hajui afanye nini sehemu za kumi zinapolingana, wakati lengo letu linamtaka ajue thamani ya kila nafasi. Swali la 0.4, 0.62 na 0.385 halimwoni mtoto huyu hata kidogo.

Ndivyo tunavyofika kwenye 0.5, 0.57 na 0.509. Sehemu za kumi ni tano kwa zote, hivyo tarakimu ya kwanza haiamui kitu. Iliyo kubwa, 0.57, bado ni ya urefu wa kati. Anayefuata namba nzima ataona 509 na kuichukua. Anayeogopa vipande vidogo atachukua 0.5. Anayesoma tarakimu ya kwanza pekee atakosa pa kushika, atabahatisha au ataandika kwamba zote ni sawa. Ile sifuri katikati ya 0.509 nayo ina kazi: anayejua nafasi ataona kwamba sehemu za mia hapo hazipo, na zile 9 ni sehemu za elfu, ambazo haziwezi kuzishinda sehemu za mia 7. Namba tatu, na hakuna tarakimu hata moja iliyowekwa kwa kujaza nafasi.

Limebaki agizo la pili, la kupigia mstari tarakimu iliyoamua. Siku hizi tunapenda kuandika "eleza sababu ya jibu lako", na ni jambo jema ukiwa na watoto 20. Ukiwa na 60 utapokea sentensi 60, nyingi zikisema "kwa sababu ni kubwa", na usiku hautatosha kuzisoma. Mstari mmoja chini ya tarakimu moja ni maelezo mafupi kuliko yote. Aliyeandika 0.57 na kupigia mstari 7 amekuonesha alipotazama. Aliyeandika 0.57 na kupigia mstari 5, au namba yote, huenda alipata kwa bahati, au aliona kwa jirani. Kuusoma mstari huo ni kazi ya kutupa jicho mara moja.

Kuna mtoto mmoja ambaye hata hapa atapita, na ni vizuri kumjua. Ni yule aliyefundishwa kuongeza sifuri mpaka urefu ulingane: 0.500, 0.570, 0.509, kisha analinganisha kama namba nzima. Atapata jibu, na anaweza kupigia mstari ile 7. Je, amefikia lengo? Kama aliyemfundisha alimwonesha kwamba sehemu za kumi 5 ni sawa na sehemu za elfu 500, basi amefika. Kama alipewa sifuri kama dawa ya kumeza, ametenda bila kujua anachokitenda, na karatasi haitaonesha tofauti. Naona ni haki kusema wazi kwamba swali la dakika tano lina mwisho wa uwezo wake. Huyu ataonekana kwenye kipindi cha kuzunguka madawatini, mwalimu akimwinamia na kumuuliza, "Hii sifuri umeitoa wapi?"

Swali likishatungwa vizuri bado linaweza kuharibiwa kwa vitu vidogo. Cha kwanza ni hadithi. Mwalimu anaona namba tupu zinachosha, basi anasema wakimbiaji watatu walitumia sekunde kadhaa na nukta kadhaa, nani alishinda? Sasa jibu sahihi ni namba ndogo, kwa kuwa mshindi hutumia muda mfupi. Mtoto anayejua desimali barabara anaweza kuandika iliyo kubwa kwa kuwa neno "alishinda" limemvuta huko. Akikosa, mwalimu hatajua kama kosa ni la desimali au la kusoma. Mbio ni mfano mzuri katikati ya kipindi, pakiwa na nafasi ya kubishana. Mwishoni, lengo likiwa kulinganisha, hadithi inaongeza mzigo ambao haukuwemo kwenye lengo.

Cha pili ni mfano uliobaki ubaoni. Kama dakika kumi zilizopita mwalimu alilinganisha 0.57 na 0.509 mbele ya darasa, swali linapima kumbukumbu. Namba ziwe mpya, umbo liwe lile lile, na ubao ufutwe kabla ya karatasi kugawiwa.

Cha tatu ni dawati. Watoto watatu wakikaa dawati moja, jibu la mmoja ni mali ya wote, na hilo halihusiani na tabia mbaya. Macho yatakwenda tu. Tiba yake ni kuwa na toleo la pili lenye umbo lile lile: 0.3, 0.38 na 0.306. Hapa pia ya kati kwa urefu ndiyo kubwa, sehemu za kumi zinalingana, na sifuri imekaa mahali pake. Anayekaa katikati anafanya la kwanza, wa pembeni wanafanya la pili. Mpangilio wa namba ubaoni nao ubadilishwe, ili iliyo sahihi isizoeleke kuwa ya katikati.

Linakuja pia suala la kubahatisha, ambalo hesabu yake ni rahisi na wengi hawaifanyi. Tuseme darasa lina watoto 60, na 30 kati yao wanajua kweli. Waliobaki 30 wakibahatisha kwenye swali la namba mbili, nusu yao watapata, na mwalimu atahesabu majibu sahihi 45. Kwenye swali la namba tatu theluthi yao watapata, atahesabu 40. Akiuliza maswali mawili ya namba tatu na kuhesabu waliopata yote mawili, watakaopita kwa bahati ni kama watatu tu. Ndiyo sababu wanaojua kazi hii huuliza swali la pili la umbo lile lile pale wanapotaka uhakika, na agizo la kupigia mstari hufanya kazi hiyo hiyo kwa muda mfupi zaidi.

Karatasi zikikusanywa, hazisahihishwi. Hili huwashangaza wazazi na hata baadhi ya walimu wakuu, waliozoea kuona vema na alama nyekundu. Karatasi hupangwa. Mwalimu anakaa ofisini na kuweka mafungu matatu mezani kwa kufuata jibu, kisha fungu la jibu sahihi analigawa mara mbili kwa kufuata mstari uliopigwa. Kwa watoto 54 kazi hiyo haimalizi dakika kumi. Tuseme amepata 31 walioandika 0.57, kati yao 26 wamepigia mstari 7. Walioandika 0.509 ni 17. Walioandika 0.5 ni sita. Angetoa alama, angesema waliopata ni 31 kati ya 54 na kurudia somo lote kwa wote. Sasa ana habari bora kuliko hiyo. Wale 17 wanatakiwa waione desimali ikikaa kwenye mstari wa namba, au kwenye ukanda wa karatasi wa urefu wa mita uliogawanywa mara kumi, kisha kipande kimoja kikagawanywa tena mara kumi, mpaka waone wenyewe kwamba 0.509 haijasogea mbali na 0.5. Wale sita wanajua vipande vya elfu ni vidogo, hawahitaji kuambiwa tena. Wanahitaji kuhesabu vipande, waone kwamba 0.5 yenyewe ni vipande 500 vya elfu, na kwamba 0.57 ina vipande 70 zaidi. Watano waliopata jibu bila kupigia mstari 7 watatazamwa kesho wakiwa kazini. Makundi haya mawili ya makosa ukiyapa maelezo ya namna moja, utawasaidia wa kundi moja na kuwachanganya wa kundi jingine. "Usitazame urefu, tazama ukubwa wa vipande" ni dawa kwa wale 17 na ni sumu kwa wale sita.

Majina yaandikwe kwenye karatasi, lakini yasisomwe mbele ya darasa. Mtoto akijua kwamba kosa lake litatangazwa, kipindi kijacho ataandika la jirani, na mwalimu atakuwa amepoteza kifaa chake kwa mikono yake mwenyewe.

Mahali pasipo na karatasi za kukata, swali hili hufanyika kwa vidole: namba zinaitwa ya kwanza, ya pili na ya tatu, watoto wanafumba macho na kuinua kidole kimoja, viwili au vitatu. Mwalimu anahesabu kwa macho. Anapoteza mstari wa tarakimu na anapoteza majina, ila anabaki na mafungu matatu. Macho yafumbwe kweli, maana vidole huigana haraka kuliko sauti.

Huku sekondari kuna jambo zito zaidi linaloharibu maswali haya, nalo ni lugha. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliyesoma sayansi kwa Kiswahili miaka yote ya shule ya msingi anaulizwa kwa Kiingereza aeleze kwa nini balbu haikuwaka. Anaweza kuijua sababu na kukosa sentensi. Mwalimu wa fizikia anayejali atachora michoro mitatu ya betri, nyaya na balbu: mmoja una waya mmoja tu kutoka betri hadi balbu, wa pili una nyaya mbili zilizoshikizwa zote chini ya balbu, wa tatu una waya mmoja chini ya balbu na mwingine ubavuni pake. Mwanafunzi anazungushia mchoro ambao balbu itawaka. Aliyezungushia wa kwanza anadhani umeme hutiririka kwenda tu. Aliyezungushia wa pili anajua nyaya ni mbili lakini hajui kwamba umeme sharti upite ndani ya balbu na kutoka. Umbo ni lile lile la namba zetu tatu, na lugha imeondolewa njiani.

Mpaka mmoja wa kazi hii lazima usemwe waziwazi. Mwanasaikolojia Robert Bjork amesisitiza kwa miaka mingi tofauti kati ya anachoweza mtu kufanya wakati wa mafunzo na alichojifunza kweli, yaani kinachobaki baadaye. Majibu ya dakika tano za mwisho yanaonesha hali ya watoto dakika tano za mwisho. Mtoto aliyepigia mstari 7 Jumanne anaweza kurudi kwenye 0.509 baada ya majuma matatu, kanuni ya namba nzima ikiwa imemrudia kimyakimya. Kwa hiyo swali la kufungia kipindi linajibu lilichoulizwa: je, leo wamefika? Je, watabaki hapo? Hilo hulijibu swali la umbo lile lile likirudishwa bila taarifa baada ya wiki mbili au tatu, mwanzoni mwa kipindi cha mada nyingine. Mwalimu anayeweka mafungu ya Jumanne na mafungu ya wiki ya tatu pamoja ana picha ambayo mtihani wa muhula hautampa.

Swali moja la namna hii hugharimu muda, na sioni haya kukiri kwamba hakuna mwalimu atakayelitunga kwa kila kipindi cha kila siku. Litungwe kwa yale malengo ambayo mada nzima inayaegemea. Kulinganisha desimali ni mojawapo, kwa sababu asiyeweza hilo hatajua kama jibu lake la kujumlisha au kugawanya lina maana. Litungwe kabla ya kipindi, siku lengo linapoandikwa, kwani likitungwa baadaye huwa linafuata kilichofundishwa na kusahau kilichokusudiwa. Kisha, kabla ya kuligawa, lijibu mara nne kwa vichwa vinne: cha mtoto anayejua, na vya watoto watatu wanaokosa kila mmoja kwa njia yake. Majibu mawili yakifanana, badilisha namba.

Na likishatungwa lisitupwe. Walimu wa somo moja wakutane kwenye vikao vyao vya MEWAKA, kila mmoja alete maswali mawili na mafungu aliyoyapata, wayaandike kwenye kauntabuku moja kwa mada: swali, majibu yaliyotoka, na fikra iliyo nyuma ya kila jibu. Ukipata uhamisho, daftari hilo usiondoke nalo. Liache ofisini, kwenye meza ya mwalimu atakayechukua darasa lako.